LDAC haiharakishi sauti

*Swali: Nimeweka LDAC 990 kwenye Android yangu, lakini kwenye gemu mlio wa risasi bado unachelewa, na sasa sauti inakatikakatika. Kuna apu ya kuongeza kasi ya kodeki?*

Hakuna. Kila wiki naletewa simu yenye apu tatu za namna hiyo, na kazi yake ni kuonyesha matangazo. Simu na hedifoni hupatana kodeki, yaani njia ya kubana sauti ipite hewani kama hiyo LDAC, zinapounganishwa, na kodeki isiyokuwemo ndani ya hedifoni haiingizwi na apu.

Kinachonichosha zaidi ni imani kwamba namba kubwa ni mwendo mkubwa. Zile kilobiti 990 kwa sekunde zinasema muziki umebanwa kiasi gani. Hazisemi utafika lini. Fikiria bomba linalojaza tangi: hata likiwa pana, maji hayatoki bombani kwako mpaka tangi lifike kina fulani. Hedifoni nayo huweka akiba ya sauti kabla ya kuanza kupiga, ili pakiti ikipotea hewani itumwe tena bila wewe kusikia pengo. Sehemu kubwa ya ucheleweshaji iko kwenye akiba hiyo, na kwa hedifoni nyingi jumla yake ni kati ya milisekunde 150 na 250.

Sasa ukipandisha hadi 990, nafasi ya kurudia pakiti zilizopotea inabaki finyu. Simu ikiwa mfuko wa nyuma, mwili wako wenyewe unazuia mawimbi, akiba inakauka, sauti inakatika. Fungua Chaguo za wasanidi programu, ishushe LDAC hadi 330, usikilize tena. Mkatiko utapungua au kuisha; risasi itaendelea kuchelewa.

Kwenye video hulioni tatizo hili kwa sababu kichezeshi huichelewesha picha ilingane na sauti. Gemu haiwezi kukichelewesha kidole chako. Ndiyo maana wale "mafundi" wanaosifu apu hizo hupenda kuonyesha ushahidi wao kwa video!

Kwa gemu tumia waya. Ukikataa waya, tafuta aptX Low Latency, kodeki yenye ucheleweshaji wa takriban milisekunde 40, lakini lazima iwepo pande zote mbili. Hali ya gemu kwenye baadhi ya hedifoni nayo husaidia kwa kupunguza ile akiba, kwa hiyo tegemea mikatiko ukiwa mbali na simu.

Na SBC, kodeki ya msingi ya Bluetooth, inasingiziwa bure kuwa mbovu. Katika ubora wake wa kawaida wa juu hutumia kilobiti 328 kwa sekunde, na aptX ya kawaida 352. Ukifumbwa macho huenda usizitofautishe. Sauti ikigeuka ya kopo ghafla katikati ya gemu, angalia kama gumzo la sauti limewasha maikrofoni ya hedifoni. Hapo Bluetooth huhamia njia ya simu, ya mono, yenye sampuli 8,000 au 16,000 kwa sekunde badala ya 44,100. Zima maikrofoni hiyo kabla ya kununua hedifoni nyingine.