Spirali iliyojaa lakini haimpigi mtu

"Wadau, kwenye gemu ninalotengeneza, spirali ya adui imejaza skrini risasi, lakini mchezaji akisimama tu hapigwi. Nimekosea wapi?"

Bila shaka spirali yako ina mikono 12 ya risasi na unaizungusha digrii 30 kila mfyatuo. 360 gawa kwa 12 ni 30, basi kila risasi inafuata reli ya mwenzake. Jaribu 7:

```
pembe = (pembe + 7) % 360
```

Sasa pengo kati ya mikono linahama. Pikseli 200 kutoka kwa adui, digrii 7 ni kama pikseli 24. Ukifyatua kila sekunde 0.2, pengo linakimbia pikseli 120 kwa sekunde. Mchezaji wa kasi ya 200 atalifuata. Ukifyatua kila 0.1 linafika 240, anaachwa. Mdogo wangu huku Umoja karibu avunje kibodi yangu kwa hilo.