Kauli ya mwisho ni ya nani? Maswali yenu na majibu

Mshauri, tuna miaka 11 kwenye ndoa. Nataka kuacha kazi nijiajiri, mke wangu hataki hata kusikia. Tumebishana miezi mitatu. Kila nyumba lazima iwe na mwenye kauli ya mwisho, la sivyo haiendi. Kati yetu ni nani?

Kwa jambo hili, ndugu yangu, si wewe wala si yeye. Mpo wawili, kura ni moja dhidi ya moja, na wa tatu wa kuamua hayupo. Kitakachowakwamua ni kujua hiyo "hapana" ya mkeo imebeba nini ndani yake.

Niliwahi kukaa na wanandoa waliokwama hapohapo. Mume alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma aliyeajiriwa, akitaka kufungua karakana yake. Akiba yao ilitosha kuendesha nyumba kwa miezi 10, naye alitaka kuitia yote kwenye mashine na kodi ya jengo. Wiki nenda wiki rudi walikuwa wanarushiana maneno yaleyale: "Nataka karakana." "Sitaki karakana." Nikampa kila mmoja karatasi, akae peke yake, aandike anachokiogopa. Asiandike anachokitaka, aandike anachokiogopa. Mume aliandika kwamba mgongo umeanza kumuuma, na anaogopa kufika miaka 50 bado anainama kumjengea mtu mwingine jina. Mke aliandika mstari mmoja tu: alikuwa na miaka 11 baba yake alipoweka nyumba rehani bila kumwambia mama, nyumba ikapigwa mnada, naye akasimama nje akaangalia kitanda chake kinavyotolewa. Mume aliisoma karatasi ile mara mbili. Habari ya kitanda hakuwahi kuisikia.

Kumbe mke hakuwa na ugomvi na karakana. Alichokuwa anakikataa ni akiba kuisha siku moja akiwa hana la kusema. Hapo mazungumzo yakageuka. Walikubaliana fedha za miezi 6 zisiguswe, zikae kwenye akaunti ambayo haitoki kitu bila sahihi za wote wawili. Za miezi 4 zikanunua mashine na kulipia kodi. Mume akabaki kazini, karakana ikawa inafunguliwa jioni na mwisho wa wiki, kijana mmoja akimsaidia. Kila mwisho wa mwezi wanafungua daftari pamoja: kodi, umeme, malipo ya kijana, kilichobaki. Wakaandika mapema, kabla hata mashine haijanunuliwa, kwamba faida ikifika nusu ya mshahara kwa miezi mitatu mfululizo, mume anaacha kazi. Na ikifika mwezi wa 6 karakana haijaweza kujilipia kodi, mashine inauzwa bila kununiana. Mwezi wa 6 ulipofika kodi ilikuwa inajilipa lakini faida haijatosha, wakaongezeana miezi mitatu kwa hiari. Aliacha kazi mwezi wa 9, na barua ya kuacha kazi alimsomea mkewe kabla ya kuipeleka.

Angalia basi ni nini kiliamua. Si mume, si mke. Ni masharti waliyoyaweka wote wawili wakiwa wametulia, hayajawa bado upande wa mtu. Ukingoja mpaka biashara iwe inayumba ndipo mjadili lini muache, kila mmoja atasoma daftari lilelile kwa macho yake.

Lakini njia hii ina mpaka. Inafaa kwa jambo linaloweza kujaribiwa kwa kipande na kurudishwa nyuma. Kuuza nyumba ya pekee hakujaribiwi kwa nusu. Kwa jambo lisilorudi nyuma, mimi nashikilia kwamba linahitaji "ndiyo" mbili. "Hapana" moja inatosha kulisimamisha. Ila anayekataa naye asijifiche nyuma ya kusubiri, kwa sababu kusubiri ni uamuzi, na kila siku inayopita yeye ndiye anayeshinda. Atoe sababu yake, na wapange tarehe ya kulirudia.

Na mkianza kupandishiana sauti, simameni. Mwanasaikolojia John Gottman, aliyewachunguza wanandoa wakijadiliana huku wamefungwa vipimo vya moyo, alieleza kwamba mapigo yakipita 100 kwa dakika mtu hawezi tena kusikiliza vizuri, na mwili unahitaji angalau dakika 20 kutulia. Achaneni, kila mtu afanye jambo jingine, na aliyeomba kuahirisha ndiye aseme mtarudi saa ngapi. Asiposema, mwenzake ataona ametoroka.

Mimi ndiye ninayeleta fedha yote nyumbani. Mke wangu hana kipato. Kwa nini nisiwe mwamuzi?

Mwaka 1960 wanasosholojia Robert Blood na Donald Wolfe waliandika hasa hilo unalolisema. Walihoji mamia ya wake wa eneo la Detroit, Marekani, kuhusu maamuzi manane, mengine makubwa kama mume afanye kazi gani na wakae nyumba ipi, mengine madogo kama chakula cha wiki kigharimu kiasi gani. Hitimisho lao lilikuwa kwamba anayeleta zaidi, kwa kipato, elimu au hadhi, ndiye anayeamua zaidi. Walikuwa wanaeleza yanayotokea, hawakuthibitisha kwamba ni haki. Walikosolewa pia kwa kuhoji wake peke yao, na kwa kuhesabu maamuzi yote kana kwamba yana uzito mmoja.

Nikuulize, kaka: ungepoteza kazi mwezi ujao, ungekubali kauli yako ipotee siku hiyohiyo? Kama jibu ni hapana, basi hata wewe huamini kwamba fedha ndiyo inayotoa kauli. Na kipato chako kinapita mikononi mwa mtu anayeamka kabla yako ili wewe utoke umeshiba, na watoto wakiumwa usiombe ruhusa kazini. Hiyo ni kazi, isipokuwa haina hati ya malipo.

Fanya hivi. Kaeni chini mkubaliane kiasi ambacho kila mmoja anaweza kutumia bila kumuuliza mwenzake, na kiwe sawa kwa wote wawili, mwenye mshahara na asiye nao. Kikizidi hapo, mnaongea kabla ya kununua. Siku ya kwanza utakapotaka kununua kitu kikubwa ukalazimika kumweleza kwanza, utaonja kidogo yale aliyokuwa anayaonja yeye.

Dada mshauri, mume wangu husema "amua wewe" kwa kila kitu. Watu wananiona nina bahati. Mbona nachoka?

Kwa sababu unachopewa ni kazi, mdogo wangu, uamuzi unabaki kwake. Mwanasosholojia Constantina Safilios-Rothschild alitofautisha nguvu hizi mbili mwaka 1976: kuna anayepanga mambo machache makubwa yanayoamua maisha yaende vipi, na kuna anayetekeleza yale mengi madogo yanayokula muda. Anayepanga humkabidhi mwenzake utekelezaji, na kwa nje huonekana kama ametoa uhuru.

Kipimo chake ni chepesi. Wiki hii andika kila uliloambiwa "amua wewe", halafu uliza: nikiamua tofauti na apendavyo, inapita? Kama unaamua watoto wavae nini ila shule yao ilishachaguliwa, ama unachagua rangi ya pazia ila nyumba ilishapangwa bila wewe, umeachiwa utekelezaji. Na kama ni kweli hana neno lakini baadaye analaumu, "si ulitaka mwenyewe?", huko ni kukwepa lawama.

Usimwambie "nisaidie". Neno hilo linaonyesha kwamba kazi ni yako. Mkabidhi eneo zima, tuseme mambo yote ya afya ya watoto: kukumbuka tarehe za chanjo, kuwapeleka, kujua dawa imebaki kiasi gani. Na ukishamkabidhi, usimsimamie, hata akifanya kwa namna ambayo wewe usingefanya. Hapo ndipo wengi wetu tunashindwa, nami nilishindwa kwa miaka.

Imani yangu inasema mume ni kichwa. Je, kushauriana si kuipinga?

Sitakuondolea imani yako, nakuomba uisome yote. Waefeso 5 inamtaja mume kuwa kichwa katika mstari wa 23, lakini mstari wa 21, kabla yake, unawataka wote wanyenyekeane. Wakorintho wa Kwanza 7 inasema mume hana mamlaka juu ya mwili wake bali mkewe, kama ilivyo kwa mke, na wasinyimane isipokuwa wamepatana. Nayo Kurani, Sura ya 2 aya ya 233, inazungumzia kumwachisha mtoto ziwa, jambo ambalo wengi wangeliita dogo, na inataka lifanyike kwa kuridhiana na kushauriana wazazi wote wawili. Kama kumwachisha mtoto ziwa kunahitaji mashauriano, sioni kuuza kiwanja kunavyoweza kukosa.

Mume wangu anataka mtoto wa nne, mimi sitaki tena. Anasema uamuzi ni wa wote.

Mazungumzo ni ya wote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1979 wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ibara ya 16, unawapa mume na mke haki sawa ya kuamua idadi ya watoto na nafasi kati yao. Lakini haki sawa haimpi mmoja wenu mwili wa mwenzake. Atakayebeba mimba ni wewe, na "hapana" yako inasimama. Mpe tu nafasi ya kuhuzunika bila kumbeza, maana huenda ni ndoto aliyoishi nayo muda mrefu.

Mimi hukubali kila anachosema, ili tusigombane. Anasema sisi tunaelewana sana.

Dada, jisikilize unavyosema "sawa". Aliyeridhika huuliza maswali: lini, kiasi gani, tunaanzaje. Aliyejisalimisha husema "sawa" moja fupi na kuendelea kuosha vyombo. Wiki mbili baadaye anasahau kufanya alichokubali, au anamwambia dada yake yale asiyomwambia mumewe.

Anza na jambo dogo lisilo na gharama. Akisema kitu, jibu: "Nipe mpaka kesho nifikirie." Kisha mtazame. Akishangaa kidogo na kukubali, basi umegundua kwamba woga ulikuwa mkubwa kuliko yeye, na kesho mwambie unachokitaka kwa sentensi moja. Lakini akikufokea, akakunyang'anya simu, akakunyima fedha ya matumizi au akainua mkono, acha yote niliyoyaandika hapo juu. Hayo yanawafaa watu wawili wasioogopana. Mtafute mtu unayemwamini kabisa, umweleze yanayotokea, na muafikiane neno moja ambalo ukimtumia atajua aje.