Tarehe ya kifo cha mtu wa karne ya 8 hutoka wapi?

Swali: Nikisoma habari za watu wa kale naona tarehe kamili za vifo. Kwa mfano, mtawa Beda wa Uingereza anaandikiwa 26 Mei 735, kwingine 25 Mei, kwingine 27 Mei. Enzi hizo hapakuwa na vyeti vya vifo. Tarehe hizi zinatoka wapi, na nitajuaje ipi ni ya kuaminika?

Jibu: Mara nyingi siku na mwaka havitoki katika andiko moja. Monasteri za Ulaya zilikuwa na daftari la marehemu, ambamo majina yalipangwa kwa siku za kalenda ili kila mmoja aombewe siku yake ilipofika. Kwa kazi hiyo mwaka haukuhitajika, kwa hiyo haukuandikwa. Tarihi, yaani kumbukumbu za matukio mwaka baada ya mwaka, zilifanya kinyume chake: zinataja mwaka ambao mtu alifariki lakini siku kwa kawaida hazitaji. Mwanahistoria huunganisha haya mawili, kisha hutafuta kitu cha tatu cha kuyapima. Beda ni mfano mzuri, kwa sababu kipimo hicho kipo na wewe mwenyewe unaweza kukirudia kwa kalamu na karatasi.

Shahidi mkuu ni barua ya Kuthberti, mwanafunzi wa Beda aliyekuwapo alipofariki, ambaye baadaye alikuwa abati, yaani mkuu, wa monasteri yao. Alimwandikia mwenzake, Kuthwini, kumweleza siku za mwisho za mwalimu wao. Anasema Beda alianza kubanwa na pumzi kiasi cha wiki mbili kabla ya Pasaka, Jumanne kabla ya Sikukuu ya Kupaa hali ikawa mbaya zaidi na miguu ikavimba, na Jumatano mchana aliwagawia mapadre vitu vichache alivyokuwa navyo, ikiwemo pilipili na ubani. Jioni ile akafariki. Ninaipa barua hii uzito mkubwa kwa sababu mwandishi aliona kwa macho yake, aliandika kwa watu waliomjua marehemu, na hakuwa na la kufaidi kwa kubadilisha siku.

Lakini barua haitaji mwaka. Inatupa sikukuu, Kupaa, pamoja na siku kwa hesabu ya Kirumi: ya saba kabla ya Kalenda ya Juni, yaani kabla ya tarehe 1 Juni. Hapa ndipo wengi huteleza. Warumi walihesabu siku zote mbili za mwisho, ile ya kuanzia na ile ya kufikia. Anza na 1 Juni kama ya kwanza, 31 Mei ni ya pili, 30 ni ya tatu, na ukiendelea hivyo ya saba ni 26 Mei. Ukitoa saba kwa mtindo wetu wa leo utapata 25 Mei, na utakuwa umekosea kwa siku moja.

Sasa kalenda inaanza kutusaidia. Kupaa ni siku ya 40 ukianzia Pasaka yenyewe. Kama Kupaa ilikuwa 26 Mei, Pasaka ilikuwa 17 Aprili. Pasaka huhamahama kwa kufuata mwezi na Jumapili, na majedwali ya zamani ya kuihesabu tunayo, kwa hiyo unaweza kuuliza: ni miaka gani Pasaka iliangukia 17 Aprili? Ukipitia majedwali ya nusu ya kwanza ya karne ya 8 utapata miwili tu, 735 na 746. Tunajua Beda alikuwa hai 731, alipomaliza kitabu chake cha historia ya Kanisa, na tunayo barua aliyomwandikia Askofu Egbert wa York tarehe 5 Novemba 734. Tarihi zilizoandikwa kaskazini, katika eneo lake, zinaweka kifo chake 735. Mwaka wa 746 hauna shahidi hata mmoja. Basi siku imetoka kwenye barua, mwaka umetoka kwenye tarihi, na Pasaka imethibitisha kwamba viwili hivyo vinakaa pamoja. Tarehe ya namna hii ndiyo naiita ya kuaminika.

Linganisha na Tarihi ya Waanglosaksoni, ambayo inaweka kifo cha Beda mwaka 734, pamoja na habari ya mwezi ulioonekana kama umemwagiwa damu. Mwaka huo hauwezekani. Beda aliandika barua mwezi Novemba 734, na Pasaka ya 734 haikuwa 17 Aprili. Tarihi hiyo ilikusanywa kusini mwa nchi mwishoni mwa karne ya 9, zaidi ya miaka 150 baadaye, kutokana na maandishi ya zamani zaidi. Kuteleza kwa mwaka mmoja ni kosa la kawaida sana katika tarihi. Mnakili aliweza kuruka mstari, na tena mwaka haukuanza siku moja kila mahali: wengine waliuanza Krismasi, wengine 25 Machi, wengine Septemba. Ukikuta vyanzo viwili vinapishana kwa mwaka mmoja kamili, chunguza hilo kwanza kabla ya kudhani kwamba mmoja umetungwa.

Kuhusu 25 na 27 Mei uliouliza. Beda alifariki Jumatano jioni, ambayo kwetu ni 25 Mei. Kwa Kanisa, sikukuu huanza na sala ya jioni ya siku iliyotangulia, kwa hiyo kwa Kuthberti saa ile tayari ilikuwa Kupaa, 26 Mei. Tarehe zote mbili ni za kweli, kila moja kwa hesabu yake. Ya 27 Mei ni jambo jingine kabisa: 26 Mei ilikuwa imeshachukuliwa na sikukuu ya mtakatifu mwingine, Agostino wa Kantaberi, kwa hiyo kumbukumbu ya Beda ilisogezwa siku moja mbele. Kalenda ya Kanisa Katoliki ya 1969 ikaipeleka 25 Mei. Siku ya kumkumbuka mtakatifu, basi, ni dokezo tu la siku ya kifo.

Kwa watu wasio watawa ushahidi huwa wa aina nyingine. Uingereza, kuanzia karne ya 13, mtu aliyeshika ardhi moja kwa moja kutoka kwa mfalme alipofariki, ofisi ya mfalme ilitoa hati ya kuamuru uchunguzi, na wenyeji walioapishwa walitaja siku ya kifo, ardhi yake, na mrithi pamoja na umri wake. Kama ardhi ilikuwa katika kaunti kadhaa, kila kaunti ilitoa jibu lake, na majibu hayo hupishana kwa siku kadhaa, kwa kuwa watu walitegemea kumbukumbu na habari za kuambiwa. Mimi huanza na tarehe ya hati yenyewe, iliyoandikwa na makarani siku hati ilipotolewa: kufikia siku hiyo habari ya kifo ilikuwa imeshafika. Jibu la wenyeji linalotaja siku ya baadaye kuliko hati, naliweka kando. Kati ya yanayobaki, napendelea la kaunti alikofia. Na kama hakuna la kuchagua, naandika siku ya mwanzo na ya mwisho inayowezekana, wala silazimishi tarehe moja.