Usirekebishe picha iliyokwisha rekebishwa

> Wakuu, natengeneza picha za saluni ya dada yangu kwa akili mnemba, sura ni yake mwenyewe. Kila nikibadili nguo au mandhari anazidi kuwa mweupe, na twende kilioni zake zinageuka mawimbi. Jamaa kanishauri niendelee kuirekebisha hiyohiyo mpaka ikae sawa.

Acha. Usiiguse tena hiyo picha. Huyo jamaa yako huenda ndiye aliyenifundisha mimi, maana maneno ni yaleyale: "we iambie tu, itaelewa." Na ada ya semina alichukua. Haielewi kitu, mkuu. Kila ukiirudisha inamchora dada yako upya.

Mimi nilikuwa na bango la fundi wa vitenge, mwanamitindo ni binti yake, mweusi tii, nywele zake za kipilipili kazichana afro. Nikabadili ukuta wa nyuma, safi. Nikachukua hayo matokeo nikabadili mkono wa gauni, safi. Nikachukua hayo tena nikaondoa hereni. Ukiitazama kila hatua peke yake huoni kasoro, ndiyo maana unaendelea. Bango limeshatundikwa dukani, mama wa binti anauliza, "Huyu mtoto wa nani?" Nikasingizia wino wa mchapaji. Mchapaji akafungua faili langu mbele yetu, nikaanza kusifia vitenge. Kuchapa upya nililipa mimi, na mteja akaenda zake.

Baadaye nikafungua mafaili yote kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, nikapima sehemu ileile ya shavu kwa zana ya kuchukua rangi. Inakupa namba tatu, nyekundu, kijani na bluu, na zote zikipanda rangi inazidi kuwa nyeupe. Picha ya asili ilisoma 90, 58, 43. Ya mwisho ilisoma 138, 99, 80. Taa sikuwa nimeigusa.

Sababu ni hii. Chukua Stable Diffusion ya kawaida, mojawapo ya akili mnemba za kuchora picha: kabla ya kuchora, huibana picha mara nane kwa upana na mara nane kwa urefu. Uso mdogo kwenye picha unabaki na vyumba vichache tu, na vikunjo vya kipilipili ndivyo vinavyopotea kwanza. Ikichora upya, pengo hulijaza kwa ilichokiona zaidi ilipofundishwa, yaani sura nyeupe na nywele laini. Mwaka 2020 zana moja iitwayo PULSE ilipewa picha ya Obama iliyofifishwa ikatoa mzungu, kwa sababu hiyohiyo ya kujaza pengo. Juu ya hapo, matoleo ya mwanzo ya Stable Diffusion yalifundishwa kwa namna inayovuta picha kwenye mwanga wa wastani, hivyo giza la kweli linayashinda. Sasa wewe unairudisha tena na tena, kama uji unaoongezwa maji kila akiingia mgeni.

Kwa hiyo kila badiliko lianzie kwenye picha ya asili. Nguo ikikataa, futa matokeo, rudi kwenye asili, jaribu tena. Weka kinyago (`mask`) juu ya nguo peke yake, uso na nywele vibaki nje. Halafu, hata kama zana inadai haikugusa uso, fungua GIMP, weka picha ya asili kama tabaka la juu, futa kila kitu isipokuwa uso, shingo na nywele, na ulainishe kingo. Kuna zana zinazochora picha nzima hata ukiomba kifungo cha shati tu.

Kama nywele lazima ziguswe, weka kinyago juu yake, na kwenye WebUI ya Stable Diffusion chagua `Only masked` ili sehemu hiyo ichorwe kwa ukubwa kamili, na `Denoising strength` anzia 0.3. Ukipandisha sana, msuko unatungwa upya. Kuandika "African" pekee hakutoshi, taja kitu chenyewe:

```
dark brown skin, natural skin texture, tightly coiled 4C hair, cornrows, soft even light
```

`flawless`, `glowing` na ndugu zao watoe, hao ndio wapaka mkorogo wa humo ndani. Zana za kusafisha sura kama GFPGAN na CodeFormer zima kabisa. Zinajenga uso mwingine juu ya uso wa mtu.

Kabla hujamtumia mtu, pima shavu na paji kwenye asili na kwenye matokeo, sehemu zilezile. Usiamini jicho, likishakaa na picha saa nzima linazoea.

Hiyo picha ya kwanza kabisa ya dada yako bado unayo? Kama ilipita wasapu, mwombe aitume tena kama faili, si kama picha, maana wasapu nayo huibana. Na aangalie kamera yake: kama ile ya kulainisha uso ilikuwa imewashwa, hata hiyo asili yako imeshapauka, mpige nyingine dirishani bila fleshi.