Hela ya safari moja ya jarife: nini kinabaki kwa mwenye boti

Kila wiki nakutana na mtu ana hela yake ya kiinua mgongo au kauza kiwanja, anataka kununua boti aiweke Kunduchi au Bagamoyo, na swali lake la kwanza ni moja tu, boti inaingiza shilingi ngapi kwa siku. Hilo swali ukimuuliza nahodha atakutajia ile safari waliyopata nguru mpaka boti ikalala upande, na wala hadanganyi, ila hiyo ni safari moja. Wewe tajiri unayelipa mafuta unatakiwa ujue ile ya nguru, ile ya kawaida na ile ya kurudi na kitoweo tu, halafu uziweke zote kwenye daftari moja.

Nachukulia mfano wa boti ya fiba ya futi kama 28, injini ya kubandika HP 40 ya petroli, nyavu za jarife, yaani zile za kutega samaki wakubwa, na watu sita pamoja na nahodha. Wanatoka alasiri, wanatega magharibi kwenye mkondo kati ya Dar na Unguja, wanavuta usiku wa manane, alfajiri samaki wako soko la Feri mnadani. Bei nitakazotaja ni za mfano, zinapanda na kushuka, we badilisha namba uweke za kwako, hesabu yenyewe haibadiliki.

Gharama za kutoka. Injini ya HP 40 ya tu-stroki ikienda mwendo wa kawaida na mzigo inakula kama lita 12 kwa saa, kwenda masaa mawili na nusu na kurudi hivyohivyo ni lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20. Kwa 3,200 ni 192,000. Oili ya kuchanganya kwa moja kwa hamsini ni lita moja na kidogo, weka 15,000. Barafu mabloku 8 tuseme 40,000. Chakula, maji, betri za tochi 28,000. Jumla 275,000, na hiyo yote imetoka mfukoni kwako kabla samaki hata mmoja hajaonekana.

Sasa safari nzuri, siyo ya maajabu, nzuri tu. Nguru kilo 30 kwa 12,000, jodari wadogo na sehewa kilo 70 kwa 7,000, mnada unasoma 850,000. Dalali na ushuru tuseme vinakula asilimia 10, inabaki 765,000. Unatoa gharama 275,000, inabaki 490,000, hii ndo inayogawanywa. Mgawo mnakubaliana wenyewe na kila pwani ina wake, kuna wanaogawa mafungu matatu, boti lake, nyavu na injini lao, watu lao, ila mimi nachukulia nusu kwa nusu maana ni rahisi kufuata. Tajiri 245,000, wavuvi 245,000, na ya wavuvi inagawanywa mafungu saba kwa sababu nahodha anachukua mawili. Kila baharia 35,000, nahodha 70,000.

Hapo ndo watu wengi wanashangilia 245,000 na kuanza kuzidisha mara siku za mwezi. Hiyo siyo faida jamani. Injini uliyonunua milioni 10 ikikupa safari 500 kabla haijawa ya kuungaunga, kila safari imekula 20,000. Nyavu za milioni 3 zikikaa safari 200 maana zinachanwa na papa, zinanasa kwenye mwamba, nyingine meli inapita nazo, hiyo ni 15,000. Plagi, propela, kuziba fiba, leseni, na mlinzi wa pale ufukweni tuviweke 20,000 kwa pamoja. Ni 55,000 kila boti inapotoka, ipate isipate. Kwa hiyo safari nzuri imekuachia 190,000. Hiyo 55,000 itoe siku hiyohiyo uiweke kwenye simu au benki kwenye laini ambayo hukai nayo, kwa sababu injini haifi kidogokidogo, inakufa siku moja na inataka hela yote kwa mpigo.

Safari mbaya sasa. Wamepata samaki wa 200,000, dalali na ushuru wametoa chao imebaki 180,000. Gharama ni zilezile 275,000. Umepungukiwa 95,000 na hakuna wa kugawana naye hiyo, kwa sababu kwenye mgawo wa kwetu faida tunagawana ila hasara inalala kwa tajiri. Juu ya hapo watu sita wamekesha baharini na nyumbani kuna watoto, lazima uwape chochote, tuseme 5,000 kila mmoja, 30,000. Weka na ile 55,000 ya uchakavu. Jumla umepoteza 180,000. Rudi juu uangalie safari nzuri ilikuachia ngapi. 190,000. Yaani nzuri moja na mbaya moja, umebaki na elfu kumi, na usiku mbili hujalala vizuri.

Ndo maana mimi nikimshauri mgeni namwambia kabla hata hajauliza bei ya injini akae na nahodha wakubaliane kitu kimoja, deni la safari tupu linaenda wapi. Mkikubaliana kwamba pungufu la 95,000 linatolewa kwenye safari inayofuata kabla ya mgawo, na zile elfu tano tano zinakatwa kwenye fungu la kila mtu, hesabu inageuka. Safari nzuri ya 490,000 inatoa deni 95,000 inabaki 395,000, nusu yako ni 197,500, toa uchakavu wa safari zote mbili 110,000, umebaki na 87,500 badala ya elfu kumi. Samaki walewale, bahari ileile.

Lakini usilibane mpaka likavunjika. Baharia akiona deni limefika safari tatu nne na kila siku anarudi na kitoweo tu, asubuhi moja humuoni, yuko boti ya jirani ambayo haina deni. Na wewe bila nahodha mzuri una fiba tu imelala kwenye mchanga. Nilichokiona kinafanya kazi ni kulibeba deni ndani ya giza moja, yaani zile siku za mwezi usiowaka ambazo ndo za kazi, mbalamwezi ikiingia samaki wanaiona nyavu na boti zinapumzika basi mnafunga hesabu, kilichobaki tajiri unakimeza. Wavuvi wanakubali kwa sababu wanaona mwisho wake. Na daftari lisomwe mbele yao, mafuta shilingi ngapi, barafu ngapi, dalali kakata ngapi, ukificha kitu kimoja wataficha kumi.

Kwenye mafuta ujue kwamba yakitolewa kwenye mfuko wa wote kabla ya mgawo, wavuvi nao wanalipa nusu ya mafuta siku ya kupata. Hiyo inasaidia, nahodha hapendi kukimbiza injini hovyo akijua fungu lake linaungua. Shida inakuja siku ambayo tayari ameona hakuna kitu, hapo lita za ziada ni zako peke yako, na ndo siku anayosema twende mbele kidogo tujaribu. Kwenda mbali kama Fungu Kizimkazi, zaidi ya kilomita 50 kutoka pwani ya Dar, mafuta yanakaribia kuwa mara mbili, kwa hiyo iwe safari ya kupanga na barafu ya kutosha, siyo uamuzi wa saa nne usiku kwa hasira. Mimi napima hivi, madumu yanahesabiwa yakitoka na yanahesabiwa yakirudi, na namuuliza nahodha masaa aliyotembea. Lita zikizidi sana 12 kwa saa kwa injini hiyo, ama propela imekula mwamba, ama plagi zimechoka, ama kuna dumu limeuzwa hukohuko majini. Ukianza kwa kumtuhumu mtu wakati ni propela utajiaibisha, anza na propela.

Barafu ndo sehemu wageni wanapenda kubana, nami naielewa hiyo akili, 40,000 inayeyuka unaiona. Ila piga hesabu. Ukitoa mabloku manne umeokoa 20,000, kwako nusu yake, elfu kumi. Jodari ni samaki wa damu moto, anaharibika haraka kuliko changu, akikaa masaa matatu juu ya mbao bila barafu mnunuzi pale Feri anafungua shavu anakuta limeshageuka rangi, anabonyeza nyama haijirudi, bei inashuka 1,500 kwa kilo. Kwa kilo 70 ni 105,000, ukitoa asilimia ya dalali ni 94,500, nusu yako 47,250. Umeokoa kumi umepoteza arobaini na saba. Kwa joto letu watu wa samaki wanashauri kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, na muhimu zaidi ipondwe, bloku zima lililokaa kona ya boksi halipoozi samaki wa kona nyingine. Tundu la kutolea maji liwe wazi, samaki akiogelea kwenye maji ya damu hata barafu iwe nyingi anachoka.

Halafu bei. Kiwango cha kujua ukikisimamia kichwani ni hiki, kwa mfano huu boti haikupi hasara mnada ukisoma kama 428,000, hapo nusu yako inalipa uchakavu tu, hupati wala hukosi. Kwa wastani wa bei ya ile safari nzuri hiyo ni kama kilo 50. Sasa boti zote zikipata usiku mmoja na bei ikashuka kwa asilimia 30, unahitaji kama kilo 72 kufika palepale. Ndo maana siku ambayo simu zinapigwa kila mtu kapata, usishangae tajiri mzoefu hachangamki.

Na hapo kwenye bei kuna mtego wa dalali. Huna mafuta, dalali anakupa 200,000 ya kutokea bila riba, mtu mzuri kweli. Ila samaki lazima washushwe kwake, na mnada ukiwa mbovu kwake huwezi kuwapeleka meza ya pili. Akikupunja 500 tu kwa kilo kwenye kilo 100 ni 50,000 kwa usiku mmoja kwa mkopo wa laki mbili. Kwa hiyo ukinunua boti usimalize hela yote kwenye boti, acha mtaji wa safari nne mpaka tano za gharama kamili, kwa mfano wetu ni milioni 1.1 hadi 1.4, hiyo ndo inayokupa uhuru wa kusema leo sishushi hapa.

Mwisho kabisa, ukizidisha kwa mwezi usihesabu siku 30. Toa mbalamwezi, toa siku za injini kwa fundi, na kusi likivuma siku nyingine hata nahodha jasiri anaangalia maji anarudi kulala. Zikibaki 14, na katika hizo 5 ni nzuri, 5 za kati zinazokuachia kama 20,000 kila moja, 4 mbaya, bila ule mkataba wa deni ni 950,000 na 100,000 unatoa 720,000. Inabaki 330,000.