DVOL na Put/Call Ratio zimepanda: ni kiasi gani cha kuuza kabla ya kulipa deni?

Swali: «Wakubwa, mimi niko Lubumbashi. Nina bitcoin 0.1, na bei leo ni dola 100,000. Baada ya siku 30 lazima nimlipe msambazaji dola 8,000 ili mzigo wangu uondoke. Wiki hii DVOL imepanda kutoka 45 hadi 60, na leo Put/Call Ratio ya saa 24 inaonyesha 1.4. Je, soko linasema bei itaanguka? Niuze zote?»

Ndugu yangu, mimi pia ninaagiza mizigo inayopitia Kasumbalesa, na sehemu ya akiba yangu huwa katika bitcoin, kwa hiyo ninaitumia DVOL kwa kazi hiyohiyo unayoiuliza. Jibu langu ni kwamba usiuze zote, lakini uuze zaidi ya kile ambacho ungeuza wiki iliyopita, na kiasi hicho kinaweza kuhesabiwa. Kinachotoa kiasi hicho ni DVOL. Ile 1.4 haikuambii mengi mpaka uichambue.

DVOL ni kipimo cha Deribit, soko la opsheni za sarafu za kidijitali, na hutolewa katika bei za opsheni zenyewe. Opsheni ni haki ya kununua au kuuza bitcoin kwa bei iliyokubaliwa mapema, na anayeinunua hulipa ada. Watu wanapoogopa au kutamani mwendo mkubwa wa bei, ada hupanda, na kutoka katika ada hiyo hupatikana mtikisiko ambao soko linautarajia kwa siku 30 zijazo, ukiwa umeandikwa kama asilimia ya mwaka mzima. Haisemi bei itaelekea wapi. Opsheni za kununua zikigombaniwa wakati bei inapaa, DVOL nayo inaweza kupanda. Kwa hiyo kutoka 45 hadi 60 maana yake ni kwamba soko linatarajia mwendo mpana zaidi, juu au chini.

Ili asilimia hiyo ya mwaka ikufae kwa siku zako, tumia kipeuo cha pili cha muda. Bitcoin haina siku ya kufungwa, hivyo mwaka wake ni siku 365:

```
mwendo (%) = DVOL × √(siku ÷ 365)
```

Kwa siku 30, DVOL ya 60 inatoa takriban asilimia 17.2. Kwa bei ya 100,000, soko linahesabu kwamba mara mbili hivi katika tatu bei itakuwa kati ya 82,800 na 117,200 siku yako ya kulipa. Mtu mwenye deni hawezi kutegemea mbili katika tatu, kwa hiyo mimi huzidisha mwendo huo mara mbili na kutazama upande wa chini tu: asilimia 34.4, yaani bei ya 65,600. Ukishika bitcoin zako zote na bei ikafika hapo, utabaki na dola 6,560, na deni halilipiki.

Sasa tafuta kiasi cha kugeuza leo kuwa USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, ili hata hapo upate 8,000. Ukigeuza dola 4,200, bitcoin inayobaki ina thamani ya 5,800. Ikishuka asilimia 34.4 itakuwa takriban 3,800, na jumla inatimia. Ukifanya hesabu hiyohiyo kwa DVOL ya 45, mwendo maradufu ni asilimia 25.8, na ungehitaji kugeuza dola 2,250 tu. Kwa lugha ya deni lako, kupanda kwa DVOL wiki hii kumekuongezea akiba inayotakiwa kwa karibu dola 1,950. Ongeza pia kile ambacho wabadilishaji fedha wa hapa mjini watakikata unapotoa dola taslimu, kwa sababu hesabu hii haijakiingiza.

Kuhusu ile 1.4, kumbuka jinsi inavyopatikana: idadi ya opsheni za kuuza zilizofanyiwa biashara hugawanywa kwa idadi ya opsheni za kununua. Kila mkataba huhesabiwa, bila kujali kama aliyeanzisha biashara alikuwa ananunua kinga au anawauzia watu wengine. Chukua mfano wa siku ambayo mikataba ya kununua ni 20,000 na ya kuuza ni 13,000. Uwiano ni 0.65. Halafu mfuko mmoja unanunua opsheni 7,500 za kuuza zenye bei ya mkataba ya 90,000, na wakati huohuo unauza 7,500 za 80,000 ili kupunguza gharama. Zote 15,000 zinaingia upande wa kuuza, na uwiano unaruka hadi 1.4. Soko zima halikubadili mawazo; mfuko mmoja umenunua kinga yenye mpaka, na nusu ya mikataba ile iliuzwa. Yupo pia anayeuza opsheni ya kuuza kwa sababu yuko tayari kununua bitcoin ikishuka, na huyo si mtu mwenye hofu, ingawa anaongeza uwiano.

Namna ya kutofautisha ni kuangalia ada. Hofu ya kweli hulipiwa. Kwa mikataba inayoisha siku moja, linganisha mtikisiko wa opsheni ya kuuza iliyo chini ya bei na ule wa opsheni ya kununua iliyo juu yake kwa umbali unaofanana. Kama ya 90,000 ina 66 na ya 112,000 ina 58, na jana tofauti ilikuwa pointi mbili, basi watu kweli wanagombania kinga ya kushuka. Kama uwiano umeruka lakini tofauti imebaki palepale, kinga iliuzwa karibu kama ilivyonunuliwa, na mimi huupuuza uwiano huo.

Usichanganye pia uwiano wa biashara ya saa 24 na ule wa mikataba iliyo wazi. Huo wa pili unaweza kubadilika ghafla Ijumaa saa 08:00 UTC, ambayo hapa Lubumbashi ni 10:00 asubuhi, kwa sababu tu mikataba mingi imeisha muda, hasa Ijumaa ya mwisho ya mwezi.

Kutumia DVOL kuna mipaka miwili mizito. Kwanza, DVOL huchelewa pale inapohitajika zaidi. Tarehe 5 Agosti 2024 bitcoin ilianguka chini ya 50,000, na mtikisiko uliruka siku ileile. Tarehe 8 bei ilikuwa imerudi juu ya 60,000. Aliyeuza kwa sababu kipimo kimepanda aliuza karibu na chini kabisa. Ndiyo maana natumia DVOL kupanga akiba mapema, na siitumii kama amri ya kukimbia. Pili, bitcoin huvuka mipaka ya hesabu hii mara nyingi kuliko kanuni inavyodhani: tarehe 12 na 13 Machi 2020 bei ilipoteza takriban nusu yake. DVOL ya 35 isikulaze usingizi. Mimi sihesabu kwa namba iliyo chini ya 45 hata soko likiwa tulivu.

Rudia hesabu kila wiki kwa siku zilizobaki na bei ya siku hiyo. Zikibaki siku 10, DVOL ikiwa 60 na bei bado 100,000, mwendo maradufu ni karibu asilimia 19.9, na bitcoin 0.1 peke yake ingetosha kulipa 8,000. Hata hivyo, dola ulizokwisha kugeuza ziache zilivyo mpaka msambazaji athibitishe kwamba amepokea.