Kutoa kifungo cha kubonyeza: mchawi ni meno yaliyojikunja

"Wadau, nina nguo ya mtoto ile ya mwili mzima, ina vifungo vya chuma vya kubonyeza miguuni. Kimoja hakishiki tena nataka nikitoe niweke kingine. Nimejaribu kukikwanyua na kisu cha jikoni, kitambaa kimeanza kufumuka pembeni. Hivi vitu vinatokaje bila kuchana nguo?"

Weka kisu chini kwanza mkuu, na usivute tena. Mi nguo ya kwanza kuharibu kwa huu mchezo ilikuwa shati langu mwenyewe, nilishika kifungo kwa plaizi, nikashika shati kwa mkono mwingine, nikavuta kama nang'oa msumari. Kifungo kilitoka kweli, tena na kiduara cha kitambaa ndani yake kama keki. Tangu siku hiyo nimetoa vingi sana, vya nguo za watoto hasa, na nilichojifunza ni kimoja tu: kitambaa hakivutwi, chuma ndo kinaharibiwa mpaka kiachie chenyewe.

Ili unielewe inabidi ujue kilivyokaa. Kifungo kimoja kina vipande vinne, viwili kila upande. Upande wa juu kuna jike (lile lenye tundu), upande wa chini kuna dume (lenye kichwa kinachoingia). Sasa jike halijashonwa na wala halijagundishwa, nyuma yake upande wa pili wa kitambaa kuna pete yenye meno, mara nyingi matano, na hayo meno yametoboa kitambaa yakaingia ndani ya jike, yalipogongwa yakajikunja humo ndani kama ndoano. Dume nalo hivyo hivyo lina pete yake. Kwa hiyo kitambaa kimebanwa katikati, na kimetobolewa na ndoano tano. Ukivuta unavuta ndoano kwenye nyuzi, unategemea nini sasa.

Kabla hujagusa chochote jua kibovu ni kipi. Watu wengi wanatoa pande zote mbili wakati mbovu ni mmoja, yaani unajiongezea matundu bure. Chukua dume la kifungo kibovu ulibonyeze kwenye jike la kifungo cha jirani kilicho kizima. Likishika vizuri basi dume halina shida, jike lake ndo limepanuka. Lisiposhika dume limebonyea au limelika. Mbovu akishajulikana mwenzake mwache alipo, ila kifungo kipya kiwe cha saizi ile ile na cha aina ile ile maana vinavyofanana kwa macho havishikani kila mara, jaribu kwa mkono kabla hujakigonga.

Vifaa: plaizi ya kukatia waya, au koleo lile la mdomo wa mbele la kung'olea misumari (hili ndo zuri zaidi maana linauma kwa mbele), bisibisi bapa ndogo kama ya kufungulia saa au redio, kibanio cha nyusi, na kipande cha kadi ngumu ya plastiki ambayo huitumii. Kadi ikate mfereji kama herufi U, upana wake ulingane na shina la kifungo ili iteleze chini ya chuma na kukaa juu ya kitambaa. Hiyo kadi ndo ngao yako. Bisibisi ikiteleza, na itateleza tu, inachora kadi badala ya nguo.

Nikupe ya mwisho niliyofanya maana ni kama yako kabisa. Nguo ya mtoto, pamba laini ile inayovutika kama tisheti, vifungo saba kuanzia mguu huu kuzunguka mpaka ule, cha tatu kinafunguka kila mtoto akirusha teke. Nikajaribu kama nilivyosema, dume lilikuwa zima, jike bovu. Nikatandaza nguo mezani jike likiwa juu, nikaingiza kadi chini ya ukingo wa jike. Halafu nikashika jike kwa koleo pembeni, ukingo kwa ukingo, nikabana. Sio kubana kwa hasira, unabana mpaka uone duara limeanza kuwa yai. Ukishaona yai unageuza koleo robo duara, unabana tena upande ule mwingine. Hapo chuma kinakuwa kinahangaika, mfereji ulioshika meno unapanuka upande mmoja na kubanwa mwingine, na meno yanaanza kunyooka. Kwenye ile nguo nilibana mara nne nikiwa nazungusha, ya nne nikasikia "tk" ndogo, nikajua jino moja limeachia.

Hapo ndo bisibisi inaingia, kati ya kadi na jike, sio kati ya kitambaa na jike. Unainua kidogo kama unafungua kopo la rangi, unatoa, unasogea kidogo pembeni, unainua tena. Zunguka. Ukikomaa sehemu moja mpaka jike lisimame wima, meno ya upande wa pili yanakuwa bado yamejikunja na yanachana pale pale, hilo ni kosa la pili kwa ukubwa baada ya kuvuta. Mi nilizunguka kama raundi tatu jike likaruka lenyewe mpaka sakafuni. Kwa hiyo vaa miwani, hata ya jua, hivi vichuma vinaruka vibaya, na funika kwa kiganja ukiona kinakaribia.

Sasa sikiliza hapa maana wengi wanachania nguo hapa wakati wanadhani wameshamaliza. Jike limetoka, pete yenye meno bado iko upande wa pili na meno yake yamechungulia kwenye kitambaa. Mkono unawasha kuchomoa pete. Usichomoe! Washa tochi ya simu uyaangalie, utakuta mawili matatu bado yana mkunjo nchani, na mkunjo huo ukirudi nyuma kupitia kitundu unabeba uzi. Kwenye kitambaa cha kufumwa kama tisheti uzi mmoja ukikatika unashuka kama ngazi, kitundu kidogo kesho asubuhi ni tundu la kidole. Shika kila jino na kibanio cha nyusi ulinyooshe mpaka lisimame kama msumari. Likigoma ncha yake ikate kwa plaizi halafu shika usiipoteze. Yote yakinyooka sukuma kitambaa kwa kucha kutoka kwenye meno, jino kwa jino, yaani kitambaa ndo kinatoka kwenye pete, pete imetulia tu mezani. Ile yangu ilichukua muda mrefu kuliko kazi yote ya koleo na sikukata hata uzi mmoja.

Kwako kitambaa kimeshaanza kufumuka pembeni, kwa hiyo fanya hivi kabla ya yote: piga mishono midogo kwa sindano kuzunguka sehemu iliyofumuka, uzi mwembamba, usikaze mpaka kitambaa kijikunje. Hiyo inazuia nyuzi zisikimbie wakati unahangaika. Na kama ukikiangalia kifungo kwa karibu unaona kitambaa kimeshakatika zaidi ya nusu ya duara, achana na koleo, hapo hakuna cha kuokoa, kata kitambaa kuzunguka kifungo kwa mkasi mdogo utoe kila kitu halafu uweke kiraka mbele na nyuma. Bora tundu la duara lililokatwa safi kuliko mchano usiojulikana unaishia wapi.

Hayo yote ni ya kifungo chenye pete ya meno, utakijua kwa sababu mbele unaona pete na katikati yake kitambaa kinaonekana, au kofia ndogo nyepesi. Kuna kile kizito cha jaketi na mabegi, chenyewe hakina meno, kofia ina mguu mmoja katikati unaopita kwenye tundu na kutandazwa upande wa pili kama msumari uliogongwa nchani. Hicho usikibane uwe yai utachoka bure. Ukikiangalia upande wa ndani unaona katikati pametandazwa kama ua, hapo ndo pa kushambulia: kata au sagia ile midomo iliyotandazwa kwa ncha ya plaizi, au toboa kwa drili ya mkono taratibu na ngao chini yake, mguu ukipungua vipande vinaachana. Angalia tu chuma kisipate moto maana vitambaa vya jaketi vingi vinayeyuka. Cha plastiki ndo rahisi kuliko vyote, kata ukingo wa jike au dume kwa plaizi mpaka upasuke, ile ncha iliyobondwa katikati inabaki wazi unaipunguza na kofia inatoka nyuma. Kilichoshonwa kwa uzi sina cha kusema, fumua uzi.

Baada ya kutoa utabaki na vitundu vitano vya duara. Kwenye pamba ya kawaida vinyunyizie maji kidogo, kwaruza kwa kucha kwa urefu halafu kwa upana wa kitambaa, piga pasi, nyuzi nyingi zinarudi zilipokuwa kama jino lilipita katikati yake bila kuzikata. Ila usigonge kifungo kipya juu ya vitundu vile vile hivi hivi, pameshachoka. Mi ninaweka kipande cha gamu kwa ndani, ile inayogandishwa na pasi, kikubwa kidogo kuliko kifungo, na kama ni kitambaa cha tisheti naongeza kipande kidogo cha pamba isiyovutika juu yake, kwa sababu sehemu kubwa ya vifungo vinavyochana nguo vinachana kwa kuwa viligongwa kwenye kitambaa chepesi kisicho na kitu nyuma. Kipya nakigeuza kidogo pia, ili meno yake yasiingie kwenye matundu ya zamani.

Na kwa kuwa nguo ni ya mtoto, vipande vya zamani vipange mezani uhesabu: jike, pete, na meno matano. Ile yangu nilihesabu manne. La tano lilikuwa limekatika, nililikuta limenasa kwenye pindo la mguu, nimelipata kwa kupitisha sumaku ya mlango wa kabati, kwa macho nisingeliona.